Kwa Nini Tuliipa Katiba Namba

Ugomvi ulianzia msibani. Mwanachama mmoja wa klabu yetu ya joging hapa Tanga alifiwa na mama mkwe wake, na wiki mbili baada ya mazishi, kwenye mkutano wa wanachama, akauliza kwa upole rambirambi yake itatoka lini. Mama mweka hazina akajibu kwamba katiba inataja mzazi, mwenza na mtoto, na mkwe hayumo. Baba mmoja akasimama kutoka viti vya nyuma: mkwe yumo, someni ukurasa wa sita.

Tukafungua ukurasa wa sita. Kwenye nakala yangu palikuwa na habari za rangi ya fulana. Kwenye nakala ya mwenyekiti palikuwa na sifa za mgombea. Baba wa viti vya nyuma peke yake ndiye aliyekuwa na habari za misiba, tena kwenye karatasi iliyobanwa kwa pini nyuma ya ukurasa wenyewe. Katiba ilikuwa moja, ila nakala zilikuwa za vizazi vitatu. Ya kwanza ilichapwa klabu ilipoanzishwa. Ya pili ilichapwa upya kwenye stesheneri kwa herufi kubwa zaidi, kwa ajili ya wazee. Ya tatu ilitolewa kwenye simu ya mtu. Sentensi ileile ilikuwa ukurasa wa tano huku, wa saba kule, na wa sita kwingine. Tulitumia karibu saa nzima tukitafutana kwenye kurasa, na jua likazama kabla hatujalifikia swali la mama mkwe.

Kamati ikawateua watu wawili, mimi na kijana mmoja anayefanya kazi za ukarani, tuipange katiba katika ibara na vifungu vyenye namba, kisha tuiandikie barua fupi ya kueleza tulichofanya na sababu zake. Kupanga kulituchukua jioni tisa. Barua ya ukurasa mmoja ilituchukua jioni tatu nyingine, na humo ndimo nilimojifunza kwamba kuhamisha sentensi si kazi ya mikono tu.

Anwani ya sentensi

Ukurasa si anwani ya kuaminika. Unabadilika ukibadili ukubwa wa herufi, ukipanua pambizo, ukichapa kwa mashine nyingine. Anwani ya kweli inatakiwa ishikamane na maneno yenyewe, yaende popote yanapokwenda. Waumini wanalijua hili kuliko wengi wetu. Ukitajiwa sura na aya unafika palepale, msahafu wako uwe mdogo wa mfukoni au mkubwa wa mezani. Biblia nayo haikuzaliwa na namba zake: mistari tunayoitaja leo katika Agano Jipya iliwekwa na mchapaji wa Kifaransa, Robert Estienne, mwaka 1551.

Watunga sheria wana desturi hiyohiyo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 imegawanywa katika sura, na chini yake zinakuja ibara zenye namba zinazoendelea moja kwa moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Ibara ikiwa na mambo kadhaa, inagawanywa katika ibara ndogo zenye namba kwenye mabano, na chini ya hizo kuna aya zenye herufi. Kwenye sheria za kawaida za Bunge, kinachohesabiwa huitwa kifungu. Katiba za vyama na klabu zimezoea kuchanganya majina hayo mawili: ibara ndiyo nyumba, vifungu ndivyo vyumba vyake.

Mchanganyo huo una ndugu zake mbali. Katiba ya Marekani iliyoandikwa mwaka 1787 ina ibara saba tu, na ya kwanza peke yake ina vifungu 10. Vyama vya kiraia vya huko viliufuata mtindo huo, na aliyesaidia sana kueneza utaratibu wa vyama kuendesha mambo yao ni ofisa mhandisi wa jeshi, Henry Martyn Robert. Mwaka 1863 alipewa uenyekiti wa mkutano kanisani, katika mji wa New Bedford, mkutano ukamshinda kwa fujo. Mwaka 1876 akachapisha kitabu cha kanuni za kuendesha mikutano, na hadi leo matoleo mapya ya kitabu hicho yanatumika katika vyama vingi. Mpangilio wa ibara uliozoeleka huko unafanana na wetu: jina kwanza, kisha malengo, wanachama, viongozi, mikutano, kamati, na marekebisho karibu na mwisho.

Sisi tulipata ibara 16. Kanuni yetu ya kugawa ilikuwa nyepesi. Ibara moja inabeba jambo moja, na kifungu kimoja kinabeba amri moja. Kipimo chake ni kura: kama mwanachama anaweza kukubali nusu ya kifungu na kukataa nusu nyingine, hivyo ni vifungu viwili. Tukakubaliana pia tuandike 6(2) badala ya 6.2. Namba za nukta huleta shida ukifika kumi, kwa sababu kuna atakayesoma 6.10 kama pesa, akaona ni sawa na 6.1, na mwingine akaamini inatangulia 6.2. Mabano hayana utata huo.

Mkasi na penseli

Kabla ya kugusa chochote tulijiuliza ni katiba ipi tunayoipanga kati ya zile tatu. Jibu likawa ni ile iliyogongwa mhuri wakati wa usajili. Klabu za michezo nchini husajiliwa chini ya sheria ya Baraza la Michezo la Taifa ya mwaka 1967, na vyama vingine vingi visivyo vya michezo huongozwa na Sheria ya Vyama, Sura ya 337. Vyovyote iwavyo, maandishi yaliyo kwenye faili la msajili ndiyo msingi. Tulipofungua nakala yenye mhuri tukakuta jambo la kwanza la kutisha: ile karatasi ya pini haimo. Wanachama walipitisha marekebisho miaka iliyopita, wakayabana nyuma ya katiba, na hakuna aliyeyapeleka mbele.

Kisha tukaandika namba kwa penseli kwenye kila sentensi ya nakala hiyo. Zikawa 118. Nakala nyingine tukaikata kwa mkasi, kila sentensi kipande chake, tukaanza kuvipanga mezani kwa mafungu. Kila kipande kilipopata ibara yake, tulitia alama kwenye orodha. Mwisho wa kazi vipande vitatu vilikuwa havijapata mahali, na viwili vilikuwa marudio ya sentensi nyingine neno kwa neno. Bila ile orodha tusingejua.

Baada ya hapo tukafanya zoezi la kinyume. Mwenzangu alisoma katiba mpya kwa sauti kuanzia ibara ya mwisho kurudi ya kwanza, na kwa kila kifungu ilinibidi nitaje namba ya penseli kilikotoka. Tulipofika ibara ya nidhamu akasoma: “Uamuzi wa kamati utakuwa wa mwisho.” Nikatafuta namba. Haikuwepo. Nilikuwa nimeiandika mwenyewe, usiku, kwa mazoea tu, kwa sababu nimeiona kwenye katiba nyingi za vikundi. Maneno sita hayo yangemnyima mwanachama aliyesimamishwa haki ya kukata rufaa kwenye mkutano mkuu, na hakuna mwanachama aliyewahi kuyapigia kura. Tukayafuta.

Sentensi iliyokataa kukaa

Nionyeshe kwa aya moja tu. Katiba ya zamani ilisema hivi:

“Kila mwanachama atalipa ada ya shilingi 5,000 kila mwezi, na atakayefiwa na mzazi, mwenza au mtoto atapewa rambirambi ya shilingi 200,000. Mwanachama atakayechelewesha ada kwa miezi mitatu mfululizo hatapiga kura wala kupewa rambirambi, na atakayeonyesha utovu wa nidhamu atasimamishwa. Kamati inaweza kumsamehe kwa sababu ya ugonjwa au shida nyingine ya msingi.”

Sehemu kubwa ya aya hii iligawanyika bila tabu. Ada ikaenda ibara ya 6, kifungu cha (1). Adhabu ya kuchelewesha ikawa 6(2). Rambirambi ikawa 7(1). Kusimamishwa kwa utovu wa nidhamu kukaenda 9(1). Mwanachama anayetaka kujua habari za ada sasa anasoma ibara moja fupi, hana haja ya kupita kwenye misiba na nidhamu.

Ikabaki sentensi ya mwisho. Kamati inaweza kumsamehe: nani? Ile “m” iliyomo ndani ya neno inaweza kumshika yeyote. Ukiiweka sentensi hii chini ya ibara ya 6, anayesamehewa ni mdaiwa wa ada tu. Ukiiweka chini ya ibara ya 9, ni mkosefu wa nidhamu tu, na mgonjwa aliyelazwa miezi mitatu anapoteza kura yake hata kamati ikimhurumia. Ukiiweka kote kuwili, umeipa kamati madaraka mapana kuliko pengine walivyokusudia waasisi. Kwenye aya ya zamani sentensi ilining'inia katikati, na kwa miaka yote hiyo kila kamati ilijichukulia maana iliyoifaa. Namba hazikuruhusu ining'inie tena. Zilitaka tuseme inakaa wapi.

Tulikuta mafundo mengine mawili ya namna hiyo. La kwanza ni akidi. Ukurasa wa tatu ulisema mkutano mkuu ni halali wakihudhuria nusu ya wanachama. Ukurasa wa tisa ulisema maamuzi ya mkutano mkuu hayatakuwa halali bila theluthi mbili ya wanachama. Wanachama tuko 84, kwa hiyo nusu ni 42 na theluthi mbili ni 56. Mkutano wa mwaka uliopita ulihudhuriwa na watu 47. Je, ulikuwa halali? Kwa ukurasa wa tatu ndiyo, kwa ukurasa wa tisa hapana. Sentensi mbili zilizokuwa zimetengwa na kurasa sita hazikuwahi kuonana. Tulipoziweka kwenye ibara moja ya mikutano, zikakaa jirani, 13(4) na 13(5), na hata mtoto wa darasa la tano angeona zinavutana.

Fundo la pili ndilo lililotufikisha hapa: karatasi ya pini. Ilikuwa na mstari mmoja: “Kipengele cha misiba kiongezewe wazazi wa mwenza.” Sawa, lakini katiba ilikuwa na vipengele viwili vya misiba. Kimoja kilieleza fedha za rambirambi. Kingine, kurasa nne mbele, kilisema wanachama wote watahudhuria mazishi mwenzao akifiwa na mzazi, mwenza au mtoto. Marekebisho yale yalikusudia klabu imlipe aliyefiwa na mkwe, au imsindikize tu makaburini? Wengine walioupigia kura mstari ule walikumbuka fedha, wengine walikumbuka basi la kwenda mazikoni. Marekebisho yasiyotaja namba ni kama barua isiyo na anwani: imeandikwa vizuri, imefungwa vizuri, na hakuna ajuaye mlango wa kuipeleka.

Barua yenyewe

Tulijaribu rasimu mbili. Ya kwanza ilikuwa na kurasa nne, imejaa historia ya klabu na sifa za mpangilio mpya. Mwenyekiti aliipokea, akaipima kwa mkono kama mtu anayepima samaki, akaturudishia. “Wadogo zangu,” alisema, “wajumbe watataka kujua mambo mawili. Mmegusa nini, na mnataka tufanye nini.” Rasimu iliyopokelewa ni hii:

*Kwa Kamati Tendaji,*

*YAH: KUPANGWA UPYA KWA KATIBA KATIKA IBARA NA VIFUNGU*

*Rejea somo tajwa hapo juu.*

*Mlituagiza tuipange katiba ya klabu ili kila sharti lake liweze kutajwa kwa namba. Kazi imekamilika na rasimu imeambatanishwa. Tumeigawa katika ibara 16, na kila ibara katika vifungu. Sababu ni tatu: nakala zilizopo hazilingani kurasa, masharti ya jambo moja yalikuwa yametawanyika sehemu mbalimbali, na marekebisho yaliyopita hayakutaja mahali yanapoingia.*

*Msingi wa kazi hii ni nakala yenye mhuri wa usajili. Hatukuongeza sharti wala kupunguza. Sentensi mbili zilizokuwa marudio kamili zimeandikwa mara moja. Ada, viwango vya rambirambi na vipindi vya uongozi vimebaki kama vilivyokuwa. Kiambatisho A kinaonyesha kila sentensi ya zamani iko wapi sasa.*

*Yapo mambo matatu ambayo hatukuweza kuyapanga bila kuyaamulia maana, na uamuzi huo si wetu: akidi ya mkutano mkuu, ni nani anayeweza kusamehewa na kamati, na iwapo wazazi wa mwenza wamo kwenye rambirambi, kwenye kuhudhuria mazishi, au kote. Tumeyaorodhesha katika Kiambatisho B pamoja na maneno yake ya asili.*

*Tunaomba kamati iifikishe rasimu kwa wanachama siku 21 kabla ya mkutano mkuu, kama katiba inavyotaka kwa marekebisho, na ipigiwe kura kwanza kama ilivyo. Mambo ya Kiambatisho B yapigiwe kura moja moja baada ya hapo.*

*Tunawasilisha.*

Kilichomo kati ya mistari

Barua kama hii inasomwa na watu wenye shaka, na shaka yao ni halali. Mtu akikuletea katiba mpya akasema “nimepanga tu,” una haki ya kujiuliza kama hakupenyeza kitu. Ndiyo maana aya nzito kuliko zote humo ni ile ya pili, inayotaja vilivyobaki kama vilivyokuwa. Tulitaja ada, rambirambi na vipindi vya uongozi kwa majina kwa sababu hayo ndiyo mambo matatu ambayo watu wangeyakimbilia kwanza kuyakagua.

Tulishawishika kuyagusa. Kwa mfano, kiwango cha ada hakipaswi kuwa ndani ya katiba. Kinafaa kwenye kanuni ndogo zinazobadilishwa kwa urahisi, ili kila bei zikipanda msilazimike kuitisha theluthi mbili ya watu. Ni ushauri mzuri, lakini si kupanga. Ungekuwa umeondoa kwa wanachama wote madaraka ya kuamua ada na kuyahamishia kwingine. Tulimwambia mwenyekiti kwa mdomo, kwenye barua hatukuuweka.

Kiambatisho A ndicho kilichoitetea barua. Kilikuwa jedwali la safu mbili: kushoto namba ya penseli na ukurasa wa nakala yenye mhuri, kulia ibara na kifungu kipya. Sentensi ya 41 ya ukurasa wa tano imeingia 6(1) na 7(1). Sentensi ya 42 imeingia 6(2) na 9(1). Sentensi ya 43 imepelekwa Kiambatisho B. Mjumbe mmoja mzee, mwalimu mstaafu, alikaa nalo siku nne. Kikao kilipofika alisema amezifuata sentensi zote 118 na amekuta kosa moja: sentensi ya 77 ilisema viongozi “wanaweza” kuitisha mkutano wa dharura, na sisi tumeandika “wataitisha.” Alikuwa sahihi. Neno moja lilikuwa limegeuza ruhusa kuwa wajibu. Tukalirudisha palepale kikaoni, mbele ya wajumbe.

Ombi la mwisho, la kupiga kura kwanza kwa rasimu kama ilivyo, lilizua mjadala mrefu kuliko tulivyotegemea. Mjumbe mmoja aliuliza kwa nini tupige kura kabisa ikiwa hakuna kilichobadilika. Jibu ni kwamba maandishi ndiyo yanayopitishwa, si nia ya walioyaandika. Rasimu ikipita, siku ya mgogoro watu watasoma maneno mapya katika mpangilio mpya, na hakuna atakayeruhusiwa kusema “lakini zamani sentensi hii ilikuwa baada ya ile.” Kwa hiyo ni marekebisho kama mengine, na masharti ya marekebisho lazima yafuatwe. Nchini Kenya sheria ya vyama inakwenda mbali zaidi: chama kilichosajiliwa hakiruhusiwi kubadili katiba yake bila idhini ya maandishi ya msajili, kwa ombi lililotiwa saini na viongozi watatu.

Hatari yake ni kwamba katiba nzima ikiwekwa mezani, kila mtu anapata nafasi ya kuleta lake. Aliyeshindwa hoja ya fulana miaka mitatu iliyopita atasimama tena. Ndiyo sababu tuliomba kura mbili tofauti. Ya kwanza inauliza swali moja tu: je, haya ndiyo masharti yetu ya zamani, yamepangwa? Baada ya hapo ndipo mtu alete hoja yake ya kubadili, naye sasa analazimika kutaja ibara na kifungu anachotaka kukibadili.

Namba zisipotunzwa

Katiba yenye namba inaharibika kwa njia yake. Ndani ya masharti kuna marejeo, kama pale 9(3) inaposema “kwa kufuata utaratibu wa ibara ya 13(2).” Ukiongeza kifungu kipya juu yake, kompyuta itazisogeza namba za pembeni yenyewe, lakini marejeo uliyoyaandika kwa mkono ndani ya sentensi yatabaki palepale, sasa yakielekeza mahali pengine. Hayapigi kelele. Utaligundua kosa siku mwanachama anapofukuzwa kwa kufuata kifungu cha rangi ya fulana.

Ukitumia marejeo ya kompyuta yenyewe, kumbuka kuyasasisha kabla ya kuchapa. Kwenye Word unachagua yote kwa Ctrl+A kisha unabonyeza F9. Na ukifuta kifungu kilichokuwa kikirejelewa, unaweza kukuta katikati ya katiba yako pameandikwa `Error! Reference source not found.` Rasimu yetu ya pili ilikuwa na mstari huo kwenye ibara ya fedha, na mama mweka hazina alituuliza kama hilo ni sharti jipya.

Dawa ya kudumu ni kutozisogeza namba kabisa. Marekebisho yakija baada ya ibara ya 7, yanaitwa ibara ya 7A, na ya 8 inabaki 8. Ndivyo Katiba ya nchi inavyofanya: ibara za 107A na 107B, zinazohusu mamlaka ya utoaji haki na uhuru wa Mahakama, ziliingizwa baadaye, nayo ibara ya 108 haikuhama. Na ibara ikifutwa, namba yake inabaki na neno “Imefutwa” mbele yake. Inaonekana kama kiti kitupu sebuleni, lakini mihtasari yote ya zamani inayoitaja ibara inayofuata inabaki na maana yake.

Kura

Siku ya mkutano mkuu hatukujua tunatafuta akidi ipi, kwa sababu akidi yenyewe ilikuwa kwenye Kiambatisho B. Kamati ikaamua kwa busara: tuwatafute wanachama 56, ili mkutano uwe halali kwa hesabu zote mbili. Walipigiwa simu mmoja mmoja, hata wenye magari ya mizigo walioko njiani. Wakaja 61.

Rasimu ilipita kama ilivyo. Akidi ikaamuliwa kuwa nusu, na 13(5) ikaandikwa “Imefutwa.” Msamaha wa kamati ukapewa wadaiwa wa ada tu, ukawa 6(3). Ikabaki ya mama mkwe.

Yule mwanachama aliyefiwa akasimama. Safari hii hakutaja ukurasa. Alisema anaomba ibara ya 7, kifungu cha (1), iongezewe maneno “au mzazi wa mwenza.” Karatasi zikafunguliwa ukumbi mzima kwa wakati mmoja, na kwa mara ya kwanza tangu niijue klabu hii, watu 61 walikuwa wanatazama sentensi moja. Mweka hazina akasimama kupinga, naye akiwa ameishika sentensi ileile: mtu ana wakwe wawili, wanachama ni 84, mfuko hautabeba. Wakabishana kwa dakika ishirini, kwa hoja za fedha na hoja za utu, na hakuna aliyeuliza tuko wapi.

Hoja ilishindwa kwa kura nne. Wazazi wa mwenza wakaingizwa ibara ya 8, kuhudhuria mazishi, bila fedha. Mwanachama yule hakufurahi, na alisema wazi kwamba mwakani ataileta tena. Katibu akaandika kwenye muhtasari: hoja ya kurekebisha ibara ya 7(1), imekataliwa. Wiki iliyofuata katiba mpya ilipelekwa kwa msajili pamoja na muhtasari huo, bila karatasi yoyote ya kubana kwa pini.